Pigo la Nanosekunde 15

Kitufe kimebonyezwa mara moja, namba kwenye kionyeshi imepanda kwa mbili. Kinabonyezwa tena, inapanda kwa moja kama inavyotakiwa. Asubuhi ubao unakosea, mchana unatulia, kesho yake mambo yanageuka. Mwanafunzi wa elektroniki aliyekaa mbele yake analaumu kitufe, na hana kosa kuanzia hapo, kwa sababu vyuma vya kitufe hudundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na kila mdundo huonekana kama mbonyezo mpya.

Lakini kwenye ubao huu midundo imekwisha kusafishwa. Saketi ya mbele inangoja kitufe kitulie, kisha inatoa ishara moja tu, yenye urefu wa mzunguko mmoja wa saa. Ishara hiyo ni ruhusa: inakiambia kihesabio kihesabu mara moja, basi. Ugonjwa uko mbele zaidi, kwenye geti moja dogo lililopachikwa kati ya waya wa saa na mguu wa saa wa kihesabio. Mazungumzo ya leo yanahusu geti hilo, kwa nini huwavutia watu wengi, na kwa nini wabunifu wa chipu wanaolitumia hawakubali kuliweka peke yake.

Tuanze na kifaa chenyewe. Flipflopu ya aina ya D ni kumbukumbu ya biti moja. Ina mlango wa data unaoitwa D, tokeo linaloitwa Q, na mguu wa saa. Waya wa saa unapopanda kutoka 0 kwenda 1, kilichopo kwenye D kwa nukta hiyo huchukuliwa na kuonekana kwenye Q. Nyakati nyingine zote D inaweza kupanda na kushuka itakavyo, Q haitikisiki. Saa huyapiga mapigo yake bila kukoma, na flipflopu zote za saketi huitikia pamoja. Hapo ndipo linapozuka swali: itakuwaje pale ambapo flipflopu fulani inatakiwa isichukue kitu kipya, ibaki na ilicho nacho?

Kuna majibu mawili. Fikiria ngoma na wachezaji. Ukitaka mchezaji mmoja asihame, unaweza kumwambia apige hatua kila ngoma inapolia, ila akanyage palepale alipo. Au unaweza kumzibia masikio asiisikie ngoma kabisa. Wote wawili watabaki mahali pao, lakini wa pili yuko hatarini: ukimzibua masikio katikati ya mlio, atasikia kipande cha pigo, na hakuna ajuaye kama atahama au hatahama.

Jibu la kwanza ndilo flipflopu yenye ruhusa. Mbele ya mlango wa D huwekwa multipleksa ndogo, yaani kichaguzi chenye maingizo mawili. Ingizo moja linaleta data mpya. La pili linatoka kwenye Q ya flipflopu hiyohiyo na kurudishwa nyuma. Waya wa ruhusa ukiwa 1, kichaguzi hupitisha data mpya. Ukiwa 0, huirudishia flipflopu thamani yake yenyewe. Saa inaendelea kupiga, flipflopu inaendelea kuchukua, ila inachukua kile ilichokuwa nacho tangu hapo. Kwa anayetazama nje ni kama imelala.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye uvumilivu wake. Waya wa ruhusa unaweza kuyumba, ukapanda ukashuka mara kumi katikati ya mzunguko, na hakuna kitakachoharibika. Sharti ni moja: uwe umetulia kidogo kabla ya saa kupanda, na ubaki umetulia kidogo baada ya hapo. Vipindi hivyo viwili, cha maandalizi na cha kushikilia, huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kila chipu, na kwa flipflopu nyingi za familia ya 74HC ni vya nanosekunde chache hadi kumi na kitu. Muda wote uliobaki ni wa fujo halali.

Mtu anayeunga saketi kwa chipu za dukani hahitaji kuijenga multipleksa hiyo kwa mkono. Chipu ya 74HC377 ina flipflopu nane zenye mguu mmoja wa ruhusa unaozitawala zote. Ndugu yake, 74HC374, ina flipflopu nane pia lakini haina ruhusa ya kuchukua. Mguu wake wa kudhibiti hufungua na kufunga matokeo tu. Kihesabio cha 74HC161 nacho kina miguu miwili ya ruhusa ya kuhesabu. Kwa hiyo ubao wa kitufe chetu ungeweza kupona kabla ya kuugua, kama ruhusa ingepelekwa kwenye miguu hiyo, na saa ikaachwa iende moja kwa moja.

Aliyeutengeneza alipita njia ya pili. Alichukua geti la NA kutoka chipu ya 74HC08, lile ambalo tokeo lake huwa 1 pale tu maingizo yote mawili yanapokuwa 1. Ingizo moja akalipa saa, la pili akalipa ruhusa, na tokeo akalipeleka kwenye mguu wa saa wa kihesabio. Kwenye karatasi hoja yake haina doa: ruhusa ikiwa 0, saa haipiti, ikiwa 1, inapita. Jedwali la ukweli linamuunga mkono mstari kwa mstari. Tatizo ni kwamba jedwali la ukweli halina safu ya muda.

Tuitembee saketi hiyo taratibu. Saa yake ni ya megahezi 1, kwa hiyo mzunguko mmoja una nanosekunde 1000: nanosekunde 500 za kwanza waya uko juu, 500 zinazofuata uko chini. Ruhusa inatolewa na flipflopu ya 74HC74 inayoendeshwa na saa hiyohiyo. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Flipflopu hubadilisha Q yake baada ya saa kupanda, si kabla. Katika familia hii, kwa umeme wa karibu volti 5, uchelewaji huo kwa kawaida ni kama nanosekunde 15. Maana yake, ruhusa hubadilika nanosekunde 15 baada ya saa kupanda, yaani wakati saa iko juu, geti likiwa wazi kabisa.

Saa inapanda kwenye nukta ya 0. Nanosekunde 15 baadaye ruhusa inakuwa 1. Kwa nia ya mbunifu, ruhusa hii ni ya pigo lijalo, lile la nukta ya 1000. Lakini saa bado iko juu, na itabaki juu hadi nukta ya 500. Geti linaona 1 mbili na kutoa 1 papo hapo. Kihesabio kinaona saa ikipanda, na pigo lenyewe lina urefu wa nanosekunde 485, pigo nono lisilo na shaka yoyote. Kinahesabu moja. Kimehesabu mzunguko mzima kabla ya wakati wake.

Saa inashuka, geti linashuka. Kwenye nukta ya 1000 saa inapanda tena, na hili ndilo pigo lililokusudiwa. Ruhusa bado ni 1, kwa hiyo geti linapanda. Flipflopu ya ruhusa nayo imeliona pigo hilohilo na inajiondoa, ila inachukua zile nanosekunde 15 zake. Katika nukta ya 1015 ruhusa inaanguka na kulikata pigo shingoni. Kihesabio kimepewa kipande cha nanosekunde 15.

Je, kitakihesabu? Karatasi ya maelezo ya 74HC74, na ya 74HC161 vilevile, inadai pigo la saa lisipungue nanosekunde 16 kwa volti 4.5 katika joto la kawaida la chumba. Namba hiyo ni dhamana ya mtengenezaji: kuanzia hapo kwenda juu anawajibika. Chini ya hapo chipu nyingi bado zitaitikia, kwa sababu kwa kawaida huhitaji nusu ya muda huo, lakini hakuna anayeahidi. Pigo la 15 linaangukia mpakani. Chipu moja inaweza kulihesabu, na jirani yake iliyotoka kiwanda kilekile isilihesabu. Volti ikishuka kidogo, mambo yanabadilika. Chipu ikipata joto, yanabadilika tena. Basi namba kwenye kionyeshi hupanda mara kwa mbili, mara kwa moja, na hata inapopanda kwa moja imefanya hivyo kwa pigo lisilo lake.

Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, ingawa halipigi kelele. Kihesabio hakijali kimehesabu mapema au kwa wakati. Jumla ni ileile. Badili kihesabio uweke rejista ya biti nane, 74HC374, inayopokea namba kutoka kwenye saketi nyingine ya saa hiyohiyo. Data mpya inaondoka pamoja na ruhusa, nanosekunde 15 baada ya saa. Pigo la uongo nalo linazaliwa na ruhusa hiyohiyo, likachelewa kidogo tu ndani ya geti. Rejista sasa inaambiwa ichukue data wakati data yenyewe inabadilika. Namba ikiwa inatoka 127 kwenda 128, biti zote nane zinageuka kwa pamoja. Rejista inaweza kunasa nyingine zikiwa za zamani na nyingine zikiwa mpya, ikatoa 255, au 0, au 96, namba ambazo hazikuwahi kuwapo popote kwenye saketi. Pigo lililokusudiwa litakapokuja kosa linaweza kusahihishwa, mradi kile kipande cha nanosekunde 15 kihesabike. Kisipohesabika, takataka inabaki humo.

Wapo watakaosema: punguzeni kasi ya saa. Dawa hiyo huponya magonjwa mengi ya saketi za dijitali, lakini huu haumo. Kata saa kutoka megahezi 1 hadi kilohezi 1 na ruhusa bado itabadilika nanosekunde 15 baada ya saa kupanda, kwa sababu uchelewaji huo ni wa flipflopu, si wa saa. Kipande cha pigo kitabaki na urefu uleule, na lile pigo la mapema litazidi kunenepa. Kwa fundi anayetafuta kosa hii ni alama nzuri sana: saketi inayokosea kwa kasi yoyote, polepole sawa na haraka, huenda ina ugonjwa kwenye njia ya saa yenyewe.

Alama nyingine huonekana pale kifaa cha kupimia kinapoguswa. Ncha ya osiloskopu huongeza pikofaradi kumi na kitu kwenye waya. Kwa pigo la kawaida si kitu. Kwa kipande cha nanosekunde 15 hiyo ni mzigo: kingo zake zinalegea, kilele kinapungua, kihesabio kinaacha kukiona, na kosa linatoweka hadi ncha iondolewe. Wengi wameapa kuwa ubao wao unaogopa kuchunguzwa. Na vile vichunguzi vya mantiki vya bei nafuu, vinavyosoma mara milioni 24 kwa sekunde, huangalia waya mara moja kila nanosekunde 41.7 hivi. Kipande chetu kinaweza kuzaliwa na kufa kati ya usomaji mmoja na unaofuata, na skrini ikaonyesha mstari ulionyooka kama uzi. Hapa inafaa osiloskopu ya megahezi 100 au zaidi, ikiwa imepangwa kunasa mapigo mafupi kuliko nanosekunde 30.

Hadi hapa ruhusa imetoka moja kwa moja kwenye flipflopu, kwa hiyo imebadilika mara moja tu katika kila mzunguko. Ikiwa imetungwa na mageti kadhaa, hali ni mbaya zaidi. Chukua dikoda ya 74HC138, yenye waya tatu za anwani na matokeo nane. Anwani inapotoka 3 kwenda 4, kwa lugha ya biti ni 011 kwenda 100: waya zote tatu zinageuka, na hazigeuki kwa nukta moja. Moja au mbili zikitangulia, dikoda inaweza kupita kwenye 111 au 000 kwa nanosekunde chache, na tokeo lisilohusika likapepesa. Ukilipeleka tokeo hilo kwenye ruhusa ya 74HC377, kupepesa huko kutakwisha kabla ya saa kupanda na hakutaacha alama. Ukilipeleka kwenye geti la saa wakati saa iko juu, kila mpepeso ni pigo.

Sasa msikilizaji ana haki ya kuuliza: kama njia ya kwanza ni salama hivyo, mbona ya pili haikutupwa?

Jibu ni umeme. Kila waya unapopanda na kushuka, kapasitansi yake hujazwa na kumwagwa, na nguvu inayoliwa hukokotolewa kwa kuzidisha kapasitansi, volti mara volti, na idadi ya mizunguko kwa sekunde. Waya za data hubadilika pale tu data inapobadilika. Waya wa saa hubadilika mara mbili kila mzunguko, usiku na mchana, na unafika kwenye kila flipflopu ya chipu nzima. Prosesa ya Alpha 21064, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1992, ni mfano unaotajwa sana. Ilikwenda kwa megahezi 200 kwa volti 3.3, ikila kama wati 30. Mzigo wa mtandao wake wa saa ulikuwa pikofaradi 3250. Zidisha: pikofaradi 3250, mara 3.3 mara 3.3, mara milioni 200, unapata zaidi ya wati 7. Hizo ni wati za kuupandisha na kuushusha mzigo huo tu, kabla ya kuhesabu vikuza vinavyousukuma. Ndugu yake wa baadaye, Alpha 21264, alijengwa akiwa na saa zenye masharti, yaani sehemu isiyo na kazi inanyimwa saa.

Flipflopu yenye multipleksa haiokoi hata chembe ya umeme huo. Rejista ya biti 32 iliyolala kwa ruhusa bado inapokea saa kwenye miguu 32, na ndani ya kila flipflopu kuna transista zinazogeuka kila mzunguko hata kama Q haibadiliki. Isitoshe kuna multipleksa 32, zinazokula eneo na kuongeza uchelewaji kwenye njia ya kila data. Geti moja la saa linaondoa vyote hivyo kwa mkupuo. Kwa simu inayokaa mfukoni siku nzima bila kuguswa, hakuna mbunifu atakayekubali kuiacha faida hiyo.

Basi kinachotakiwa si kuliacha geti, bali kuizuia ruhusa isibadilike wakati saa iko juu. Kifaa cha kufanya hivyo ni lachi, kumbukumbu iliyo nyepesi kuliko flipflopu: mlango wake ukiwa wazi, kinachoingia hupita moja kwa moja; ukifungwa, hushikilia cha mwisho. Lachi huwekwa kwenye njia ya ruhusa kabla ya geti la NA, na hupangwa iwe wazi saa ikiwa chini na ifungwe saa ikiwa juu. Chipu nyingi za leo zina kiini kimoja kilichokwisha kutengenezwa, lachi na geti vikiwa pamoja, na mbunifu hukichukua kwenye maktaba ya kiwanda kama anavyochukua geti lolote.

Turudie safari yetu tukiwa nacho. Saa inapanda kwenye 0, lachi inafungwa. Kwenye 15 ruhusa inakuwa 1, lakini mlango umefungwa. Geti bado linaona 0 na halitoi kitu. Kwenye 500 saa inashuka, lachi inafunguka, ruhusa inapita na kulifikia geti, ambalo sasa limezibwa na saa iliyo chini. Kwenye 1000 saa inapanda, geti linapanda nayo, lachi inafungwa ikiwa imeshika 1. Kwenye 1015 ruhusa inaanguka, ila lachi haimsikilizi mtu. Pigo linaendelea hadi 1500 likiwa zima, nanosekunde 500 kamili. Kihesabio kimehesabu mara moja, kwa pigo lililokusudiwa.

Anayetaka kuijenga kwa chipu za dukani anaweza kutumia lachi ya 74HC75, ila lachi hiyo hufunguka kwa 1, kwa hiyo saa lazima ipinduliwe kwanza. Kipinduzi nacho kina uchelewaji wake, nanosekunde chache hadi kumi hivi. Wakati saa inapopanda, lachi hufungwa baada ya uchelewaji huo, na ruhusa inaanza kubadilika baada ya 15. Nafasi iliyobaki ni finyu, nayo inapaswa kukidhi muda wa kushikilia wa lachi. Waya mrefu kwenye upande wa kipinduzi unaweza kuimaliza. Ndiyo maana viwanda vya chipu huifunga lachi na geti ndani ya kiini kimoja chenye waya fupi zilizopimwa, na ndiyo maana kwenye ubao wa mezani ni heri kununua 74HC377.

Kwenye chipu zinazopangwa upya, zile ambazo mtumiaji huzipa saketi kwa programu, onyo ni kali zaidi. Humo saa husafiri kwenye barabara zake maalumu, zilizosawazishwa ili ifike kila kona karibu kwa wakati mmoja. Ukiipitisha kwenye geti la kawaida, inatoka kwenye barabara hiyo na kuingia vichochoroni. Hata kama hakuna kipande cha pigo kilichozaliwa, saa iliyozibwa itachelewa. Chukua flipflopu mbili zinazofuatana, ya kwanza ikipata saa halisi, ya pili saa iliyochelewa kwa nanosekunde 3. Ya kwanza inabadilika, na data yake mpya inafika kwa ya pili baada ya nanosekunde 1.5. Saa ya pili inapofika kwenye 3, inakuta data mpya mahali ambapo ilitakiwa ikute ya zamani. Biti imeruka hatua. Hapa tena kupunguza kasi ya saa hakusaidii, kwa kuwa mashindano yote yametokea ndani ya nanosekunde 3 za mwanzo wa mzunguko.

Kwa hiyo watengenezaji wake wameweka mguu wa ruhusa ndani ya kila flipflopu. Kwenye familia ya iCE40 ya Lattice, flipflopu nane za kigae kimoja hushiriki saa moja na ruhusa moja. Huo ni mpaka wa kukumbuka: mtu anayetunga ruhusa tofauti kwa kila biti atajikuta vigae vyake vina nafasi tupu zisizotumika, au programu itarudi kumjengea multipleksa kwa mageti ya kawaida. Anayehitaji kweli kuzima saa ya sehemu nzima kwenye chipu za Xilinx hutumia kikuza saa kinachoitwa `BUFGCE`, ambacho kimeshughulikia suala la kipande cha pigo ndani yake.

Kwa wanaoandika saketi kwa lugha ya Verilog, njia ya kawaida ni mistari hii miwili:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (en) q <= d;
```

Hakuna geti la saa humo. Kuna masharti ya data tu. Programu ya usanisi ikiielekeza kwenye iCE40, itatumia mguu wa ruhusa. Ikiielekeza kwenye chipu ya kiwandani na kuambiwa iokoe umeme, itazikusanya flipflopu zote zenye `en` moja, iondoe multipleksa zao na kuweka kiini kimoja cha lachi na geti. Kwa flipflopu moja au mbili kwa kawaida haijisumbui, kwa kuwa kiini chenyewe kinakula umeme. Kizingiti kinachozoeleka ni flipflopu 3. Anayeandika mwenyewe `assign gclk = clk & en;` ameinyang'anya programu uamuzi huo, na programu ya maigizo haitamkemea. Kwenye maigizo yasiyo na uchelewaji, ruhusa hubadilika katika nukta ileile ya saa kupanda, kwa hiyo pigo la mapema huonekana limepanda sambamba na saa, limenyooka na linapendeza macho. Lile la pili, lililokatwa, lina urefu wa sifuri na huonekana kama mstari mwembamba, kama linaonekana.

Kiini cha kiwandani nacho kina masharti yake. Ruhusa lazima ifike kabla lachi haijafungwa, yaani kabla ya saa kupanda, na programu za kukagua muda huliangalia hilo kwa ukaguzi maalumu unaotofautiana na ule wa flipflopu. Ugumu unatokana na mahali kiini kinapokaa. Kwa kuwa kiko juu kwenye mti wa saa, karibu na chanzo, saa hukifikia mapema kuliko inavyozifikia flipflopu zilizo kwenye matawi ya mwisho. Ruhusa inayotungwa na flipflopu za matawini huanza safari ikiwa imechelewa na inatakiwa ifike ikiwa imewahi. Ukikishusha kiini karibu na flipflopu, ruhusa inapumua, lakini sehemu ndefu ya mti inabaki ikipiga bila kazi na umeme uliokusudiwa kuokolewa unavuja. Wabunifu hukipandisha na kukishusha hadi hesabu zote mbili zikubali.

Na kuna mguu mmoja wa ziada kwenye viini hivyo ambao haumo kwenye michoro ya darasani. Chipu ikitoka kiwandani hupimwa kwa kuziunganisha flipflopu zake kuwa minyororo mirefu, kisha biti za majaribio husukumwa toka mwanzo hadi mwisho. Rejista iliyonyimwa saa ingeukata mnyororo wake katikati. Kwa hiyo ruhusa hupitishwa kwanza kwenye geti la AU pamoja na waya wa majaribio, na wakati wa upimaji waya huo hushikiliwa kwenye 1, saa ikapita kila mahali bila kuuliza ruhusa ya mtu.